Je, Mfasiri Apunguze Ukali wa Matusi?

Wazee walisema mjumbe hauawi. Maana yake ni kwamba maneno aliyoyabeba si yake, wala hapasi kuadhibiwa kwa ajili ya maneno ya mwingine. Lakini msemo huo una sharti ndani yake: mjumbe ayafikishe maneno kama yalivyotumwa. Akiyapunguza au akiyaongeza, amekwisha kuacha ujumbe, amekuwa msemaji mwenyewe, na lawama ni juu yake.

Basi tujiulize: mfasiri akikuta matusi katika maneno anayofasiri, afanye nini? Wako wasemao ayapite, kwa kuwa mtu mwenye adabu haandiki machafu. Wako wengine wasemao ayaandike neno kwa neno kama yalivyo, na lawama imwendee aliyeyatamka kwanza. Sisi twaona kwamba njia zote mbili zaweza kumfikisha mtu kwenye uongo, na twapenda kuonyesha sababu kwa mfano wa lugha ya Kirusi, ambayo ina namna nyingi za kutukana.

Tuseme kuna kijana wa kwetu asomaye katika mji wa Voronezi, kule Urusi, akaaye bwenini pamoja na vijana wa huko. Huandikiana kwa simu kila siku. Amekuja nyumbani likizo, na baba yake amemwona akicheka kwa maneno mengine, na kwa mengine akinyamaza na kukunja uso. Jirani mmoja amechukua kamusi akatafuta maneno yale, akapata haya: chapati, mjinga, mbuzi, na neno moja zaidi ambalo kamusi haikuwa nalo kabisa. Baba amefadhaika. Amekwenda kwa mtu ajuaye Kirusi, akasema, “Mwalimu, niambie kweli. Watu hawa wanamchukia mwanangu? Nimzuie asirudi huko?” Basi jibu la mfasiri ndilo litakaloamua kama kijana ataendelea na masomo au ataacha.

Andiko la kwanza lasema, “Blin, ndugu, uko wapi?” Kweli blin ni chakula, ni mkate mwembamba wa kukaangwa, nao ni jamaa ya chapati ya maji. Lakini mwandishi hakuwa na habari ya chakula. Katika Kirusi kuna tusi zito linaloanza kwa sauti hizo hizo, na mtu aliyekasirika kidogo, asiyetaka kulitamka, huanza nalo kisha huligeuza njiani likawa blin. Hivyo mfasiri akiandika “chapati”, ameandika upuuzi. Tena akisema, “Mimi najua tusi lililofichwa, nitalifichua,” amemsingizia kijana yule, kwa kuwa yeye alijizuia kwa makusudi. Neno blin halina chapati wala tusi ndani yake. Lina uchovu wa mtu aliyengoja. Sisi husema, “Lo, ndugu, uko wapi?” nayo yatosha.

Andiko la pili ni hili: “Umechukua tena sufuria yangu, durak)”. Durak ni mjinga, na hapo kamusi imesema kweli. Lakini tazama alama ile ya mwisho, nusu ya mabano iliyosimama peke yake. Warusi wakiandikiana kwa simu, alama hiyo ni tabasamu. Zikiwa mbili au tatu pamoja, mtu anacheka. Nayo hubadilisha neno lote lililotangulia. Bila alama hiyo durak ni dharau. Pamoja nayo ni maneno ya mtani. Sisi tunaojua utani twafahamu jambo hili upesi kuliko mataifa mengi, maana mtani aweza kukuita mjinga mbele ya watu, nawe ukacheka. Lakini mgeni akikuita hivyo, umegombana naye. Basi tabasamu lile halina budi kuingia katika Kiswahili kwa njia ya maneno, kama hivi: “Sufuria yangu imekwenda tena! Ah, mjinga wewe, mtani wangu.” Mfasiri aliyeiacha alama kwa kuwa si neno, amemgeuza rafiki kuwa adui.

Andiko la tatu latoka kwa kijana wa chumba kingine: “Kozyol wewe. Rudisha fedha, ama utajuta.” Hapa hakuna tabasamu. Kozyol ni mbuzi dume, na hapa ndipo kamusi inapopotosha zaidi. Kwetu mtu akiitwa mbuzi, ameambiwa kwamba hana akili. Ni neno la kuudhi, lakini watoto huambiana, na kesho hucheza pamoja. Tukiandika “beberu”, msomaji wa leo atafikiri habari za wakoloni. Lakini kwa Warusi neno hili limepita gerezani. Huko kozyol ni mfungwa aliyejiunga na wakubwa wa gereza kuwatumikia dhidi ya wenzake, na kuitwa hivyo ni sababu ya kupigana. Nje ya gereza ukali wake umepungua, lakini haukwisha: ni neno la kumwita mtu asiye na utu. Sisi twaona kwamba “mwanahizaya” lapata uzito huo, maana ni zito, lina hasira ya kweli, wala si neno lisiloandikika. Basi twafasiri: “Mwanahizaya we! Rudisha fedha, la sivyo utajuta.”

Na tukiwa hapa, tulitaje neno lingine la gerezani ambalo halimo katika maandiko ya kijana, ila litatufundisha. Ni petuh, yaani jogoo. Kwetu jogoo ni sifa: ni shujaa, ndiye awikaye alfajiri. Katika magereza ya Urusi petuh ni mfungwa aliyeshushwa chini ya wote na kuvunjiwa heshima ya mwili wake. Wengine hawampi mkono, wala hawali katika chombo alichokigusa. Mfasiri akiandika “jogoo”, tusi zito kuliko yote limekuwa sifa, na msomaji hataona hata dalili ya kosa, kwa sababu maneno yamekaa sawasawa. Kwa neno hili Kiswahili hakina mwenzake. Lililo bora ni kuliacha kama lilivyo na kulieleza kwa maneno machache, kuliko kulivika nguo isiyo yake.

Sasa tufike katika andiko la nne, lile lenye neno ambalo halikupatikana katika kamusi. Warusi wana matusi ambayo huyaita mat, nayo ndiyo sisi tuyaitayo matusi ya nguoni. Mizizi yake ni michache sana, lakini kwa kuongeza vipande mbele na nyuma, mzizi mmoja huzaa vitendo vingi: kupiga, kuiba, kudanganya, kuanguka, kukimbia, kuchoka. Hili lisitushangaze. Sisi twapiga simu, twapiga pasi, twapiga magoti, twapiga hodi, na hakuna aliyeumia. Ndivyo mzizi wa tusi unavyotumika kwao, ila ubaki na uchafu wake. Wenyewe huuona uchafu huo. Mwaka 2014 sheria ya Urusi iliyakataza maneno haya katika sinema na katika michezo ya jukwaani, na kitabu chenye maneno hayo hakina ruhusa kuuzwa ila kimefungwa na kuandikwa onyo.

Andiko hilo la nne limeandikwa na rafiki yule yule wa sufuria. Amesema kwamba katika mtihani wa hesabu ameharibikiwa kabisa, na kitendo hicho cha kuharibikiwa amekitaja kwa neno la nguoni. Sasa sikiliza tofauti. Kwetu tusi la nguoni karibu sikuzote humwendea mtu, likitajwa, msikilizaji huuliza mara moja, “Amemtukana nani?” Hata neno “mamako” peke yake, likisemwa kwa sauti fulani, latosha kuleta vita. Lakini Mrusi aweza kulitupa tusi hewani lisimpate mtu yeyote, kama mtu aliyejikwaa kidole na kupiga ukelele. Tukiliandika tusi hilo kwa Kiswahili neno kwa neno, baba atadhani kwamba mwanawe ametukanwa, kumbe aliyetukanwa ni mtihani. Basi twasema: “Ule mtihani wa hesabu umenimaliza, ndugu; nimeanguka pu!” Kisha twamwambia baba wazi, “Hapa ametumia neno la nguoni, lakini hakumwelekezea mtu.” Kwa kufanya hivyo hatukuficha uchafu, wala hatukuupeleka mahali usipotumwa.

Twajuaje kwamba tumepima vema? Njia moja ni hii. Mpe mtu mwingine tafsiri ya Kiswahili peke yake, ambaye hakuyaona maandiko ya kwanza, umwombe ayapange kwa ukali: lipi ni la utani, lipi la uchovu, lipi la ugomvi, na kila moja limemwendea nani. Halafu mtu ajuaye Kirusi ayapange yale ya asili vivyo hivyo. Mipango hiyo miwili ikilingana, ujumbe umefika. Isipolingana, tazama mahali ilipoachana, maana hapo ndipo tafsiri ilipopotea. Mara nyingi utaona moja ya makosa haya mawili: ama mfasiri amelainisha yote mpaka adui na rafiki wamekuwa na sauti moja, ama ameyakaza yote mpaka mtani amekuwa muuaji.

Lakini njia hii ina mpaka wake. Kama maandiko haya yangepelekwa mbele ya hakimu, isingetosha kuleta uzito wa neno bila neno lenyewe. Hakimu hupima neno lililotumika, kwa hiyo mfasiri aliandike la Kirusi kama lilivyo, aeleze maana yake bila kupunguza, kisha aseme lina uzito gani kwa wenyewe na limemwelekea nani. Hapo haya ya mfasiri haina nafasi. Kwa baba, uzito na mwelekeo vyatosha; yeye hataki kujua viungo vya mwili, ataka kujua hatari.

Basi tumjibu. Tukiyapita matusi yote, tutamwambia kwamba kule kuna amani, naye hatajua habari ya mtu wa chumba kingine. Tukiyaandika yote neno kwa neno, tutamwambia kwamba mwanawe amezungukwa na maadui, naye atamzuia asirudi kwenye masomo yake. Maneno yote mawili ni ushuhuda wa uongo, ijapokuwa la kwanza limevaa adabu na la pili limevaa uaminifu. Jibu la kweli ni hili: “Mzee, yule aliyemwita mjinga ni rafiki yake, naye ndiye aliyeanguka mtihani; mpe pole. Lakini yule wa chumba cha pili ana hasira ya kweli, na ni kwa ajili ya fedha. Muulize mwanao anadaiwa kiasi gani, na deni hilo lilipwe kabla hajarudi.”