Alhaji Kwenye Nafasi ya Jina

Katika kata ya Mlola, wilayani Lushoto, kama ilivyo katika sehemu nyingi za milima ya Usambara ambako Uislamu ulipanda kutoka pwani pamoja na biashara ya karne ya 19, mwanamume aliyerejea kutoka Maka huitwa alhaji na mwanamke huitwa hajati, na heshima hiyo hubaki naye msikitini, sokoni na msibani hadi siku ya kuzikwa. Kuitwa hivyo na majirani ni jambo jema, kwa kuwa ni watu wengine wanaompa mtu heshima. Jambo linalohitaji kufikiriwa ni pale mwenyewe anaposhika kalamu mbele ya fomu na kuandika neno hilo kabla ya jina lake.

Fomu huuliza jina ili kumtofautisha mtu mmoja na mwingine, haiulizi ibada alizotimiza. Tuchukue mfano wa kudhaniwa wa mkulima wa maharage aitwaye Hasani Omari Shekalage, ambaye aliomba pasipoti kabla ya safari kwa majina hayo matatu, akapewa viza ya hija kwa majina hayohayo, na akasimama Arafa tarehe 9 ya Mfunguo Tatu akiwa amevaa ihramu, yaani vitambaa viwili visivyoshonwa ambavyo havionyeshi nani ni tajiri wala nani ni msomi. Pasipoti yake ilikuwa na mstari huu wa kusomwa na mashine, wenye herufi na alama 44:

```
P<TZASHEKALAGE<<HASANI<OMARI<<<<<<<<<<<<<<<<
```

Nafasi ya majina katika mstari huo ni alama 39 tu, na kwa mujibu wa kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga vyeo na sifa haviandikwi humo. Hivyo safari iliyompa Hasani uhaji aliifanya tangu mwanzo hadi mwisho kwa jina lisilo na uhaji. Akirudi Mlola akajiandikisha kwenye daftari la ardhi la kijiji kama Alhaji Hasani Shekalage, kisha akafungua akaunti kama Alhaji H. Omari, atakuwa amejigawa watu watatu kwenye makaratasi, na hatalijua hilo, kwa sababu akiwa hai kila mtu anamfahamu. Mgawanyiko huo hujitokeza kwenye mirathi, pale msimamizi anapofika Mahakama ya Mwanzo na cheti cha kifo chenye jina moja huku shamba na akiba vikiwa kwa majina mengine, ndipo familia inapolazimika kutafuta kiapo cha kuthibitisha kwamba majina yote ni ya marehemu mmoja.

Kuna madhara mengine yasiyotazamwa sana, nayo huwapata watoto. Kwa desturi ya Tanzania jina la pili la mtoto ni jina la kwanza la baba yake, kwa hiyo karani anayesoma Alhaji mwanzoni mwa jina la baba anaweza kulichukua kuwa ndilo jina lenyewe, naye hana kosa kubwa, kwani Haji na Alhaji ni majina ambayo watu hupewa wangali wachanga. Msichana atakayeandikwa Zuhura Alhaji Shekalage hatakuwa na jina la Hasani popote kwenye cheti chake.

Upande wa dini nao una hoja yake, na ni nzito kuliko ya makarani. Wanazuoni huonya juu ya riya, yaani kufanya ibada ili watu waione, na masahaba waliohiji pamoja na Mtume hawakulifanya neno alhaji kuwa utangulizi wa majina yao. Haifuati kwamba kila anayeitwa alhaji ana riya. Rais Ali Hassan Mwinyi aliitwa hivyo na Watanzania wengi kwa mapenzi tu. Hata hivyo kuna umbali kati ya kuitwa na kujiita, na fomu humweka mtu upande wa kujiita.

Sifa za elimu zina hukumu tofauti kidogo. Neno sheikh, likiwa limetokana na miaka ya darsa na ijaza, ambayo ni idhini ya mwalimu kwa mwanafunzi kufundisha kitabu alichosomeshwa, humweleza msomaji kwamba mtu huyu anaweza kuulizwa swali la dini. Kwa sababu hiyo cheti cha ndoa, ambacho chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinahitaji mfungishaji mwenye mamlaka, ni mahali ambapo usheikh una kazi, nao huandikwa kwenye nafasi ya cheo mbele ya sahihi yake. Maalim wa madrasa anayesaini barua ya kumtambulisha mwanafunzi naye yuko katika hali hiyohiyo. Sheikh huyohuyo akienda kuandikisha kitambulisho cha taifa huandika majina aliyopewa na wazazi wake, na Hasani wa mfano wetu, akiikuta fomu yenye nafasi ya cheo, anaweza kuandika Alhaji hapo bila ya kuligusa jina.