Aliyefinya bila kusoma, amekubali?

Swali hili tunakutana nalo karibu kila wiki kwenye kituo cha vijana hapa Nyarugusu, na halitoki kwenye vitabu. Linatoka kwenye gemu. Mtoto anafinya kitufe, kitu kinapotea, na wenzake wanapiga kelele: "Amefinya mwenyewe!" Kwao kesi imeisha. Kwangu ndiyo kwanza inaanza.

Nieleze kesi yenyewe. Tuna tableti moja yenye gemu ya kujenga: unachimba mawe, unakata miti, unajenga nyumba, na kila mchezaji ana dunia yake iliyohifadhiwa kwa jina lake. Menyu ni ya Kiingereza. Chini ya orodha ya dunia kuna vitufe vimepangwa mstari mmoja, kimoja kimeandikwa "New", kingine "Delete". Mvulana wa miaka 11 alitaka kuanza dunia yake mpya. Akafinya "Delete". Kikatokea kisanduku kinachouliza kama kweli anataka kufuta, chenye vitufe viwili, "Delete" na "Cancel". Akafinya cha kwanza. Dunia iliyokuwa imechaguliwa pale ilikuwa ya dada mmoja ambaye alikuwa ameijenga wiki tatu, soko zima na mifereji yake. Ikaenda, na gemu ile haina njia ya kurudisha kilichofutwa.

Wengine walitaka mvulana afungiwe tableti mwezi mzima. Hoja yao ilikuwa nzito: mashine ilimwuliza mara mbili, na mara mbili akasema ndiyo.

Lakini je, aliulizwa? Kumwuliza mtu kwa lugha asiyoijua ni kumpigia kelele tu. Shule zetu hapa zinafuata mitaala ya nchi tulikotoka. Mtoto wa Kikongo anasoma Kifaransa, wa Kirundi anasoma Kirundi na Kifaransa. Kiingereza wengi wanakiona zaidi kwenye magunia na kwenye simu. Mtoto wa namna hiyo hasomi menyu, anakariri mahali. Anajua kitufe cha juu kinaanzisha, cha pembeni kinarudisha, na kisanduku kikikuzibia njia unafinya cha kwanza kitoke. Utamjua kirahisi: anafinya kabla macho hayajafika kwenye neno, na siku gemu inapobadilishwa toleo na vitufe vikahama, anakwama kama mgeni. Mvulana yule hakusema ndiyo mara mbili. Aliondoa kizuizi mara moja.

Kwa hiyo mimi nasema kukubali kuna masharti mawili. La kwanza, uwe unajua kitakachotokea. La pili, uwe unaijua njia ya kukataa. Neno "Cancel" lilikuwepo, lakini kwake halikuwa mlango, lilikuwa ukuta wenye michoro.

Kuna kijana mwenzangu kituoni ambaye hakubaliani na mimi, na hoja yake naiheshimu. Anasema gemu ni kujaribu. Sisi wote tulijifunza kwa kufinya ovyo, na ukimwekea mtoto kila kitu kwa lugha yake hatajifunza ya wengine. Ni kweli, maneno mengi ya Kiingereza tuliyonayo tumeyaokota humo. Lakini kujaribu ni mwalimu mzuri pale tu ambapo gharama inakurudia wewe na kosa linarekebishika. Ukianguka shimoni ndani ya gemu, unaanza tena. Hapa aliyejaribu ni mmoja, aliyelipa ni mwingine, na kurudi nyuma hakupo.

Basi wengine wakasema dawa ni rahisi, tutafute gemu za Kiswahili. Zipo. Luanti, gemu ya bure ya kujenga ambayo zamani iliitwa Minetest, ina Kiswahili kwenye orodha ya lugha zake. Scratch, ambayo watoto wanaitumia kutengeneza gemu zao wenyewe, nayo inacho. Tafsiri yenyewe si uchawi. Katika programu nyingi za bure, kila neno la menyu limekaa kwenye faili la kawaida namna hii:

```
msgid "Save"
msgstr "Hifadhi"
```

Mstari wa juu ni neno la asili, wa chini ni tafsiri. Mstari wa chini ukiachwa mtupu, mchezaji ataona Kiingereza, ndiyo maana menyu nyingine zinakuwa nusu kwa nusu.

Ila tafsiri peke yake haimalizi swali. Angalieni neno hilo hilo. Niliwaonyesha watoto sita kitufe cha "Hifadhi" nikawauliza ni cha nini. Wawili wakajibu ni cha wakimbizi. Hawakukosea! Hapa kambini hifadhi ni ile tunayoomba serikalini. Neno "Ghairi", linalowekwa mahali pa "Cancel", hakuna aliyelijua hata mmoja. Wenyewe walipendekeza "Chunga" kwa la kwanza na "Acha" kwa la pili. Hata "bonyeza" ni neno la Tanzania, sisi wa Kongo tunafinya.

Halafu Kiswahili chenyewe kina tabia yake. Gemu ya Kiingereza inaunga neno "New" mbele ya kitu chochote na mambo yanakwenda. Kwetu kofia ni mpya, kiatu ni kipya, jiwe ni jipya. Mfasiri aliyepewa neno "New" peke yake, bila kuona linakokwenda, lazima akosee mahali fulani. Kwa hiyo mtoto anaweza kusoma lugha yake na bado asielewe, na sisi wakubwa tukatulia tukidhani tumeshamaliza kazi.

Siku hizi, kabla gemu haijaingia kwenye tableti, tunatafuta vitufe vya aina tatu: kinachofuta, kinachokula pesa au bando, na kinachotuma kitu kwa watu wa nje. Vingine vyote mtoto ajaribu apendavyo. Kwa hivyo vitatu hatumwulizi "umeelewa?", maana kila mtu hujibu ndiyo. Tunamwuliza, "Ukifinya hapa, nini kitatokea?" Akieleza kwa maneno yake, kwa Kibembe, kwa Kirundi, kwa vyovyote, basi akifinya amekubali.

Na mvulana yule? Tuliamua hana hatia, lakini ana deni. Watu wengi wanachanganya hivi viwili. Hatia inataka ujue unachofanya. Deni linatosha kwamba mkono wako ndio uliomharibia mwenzako. Hakufungiwa. Alichimba mawe siku tisa kwa ajili ya soko la dada yule, yeye dada akipanga mifereji.

Ndugu zetu mnaofanya kazi za misaada, mnasoma jarida hili pamoja nasi, kwa hiyo niseme wazi. Watu wazima hapa wanaweka kidole gumba kwenye karatasi za lugha wasiyoisoma, kisha wanaambiwa walikubali. Wengi wamejifunza lile lile la kwenye gemu: kisanduku kikizuia njia, finya cha kwanza kitoke. Kabla wino haujagusa kidole, mwulizeni mama yule ataje kitakachotokea akiweka, na kitakachotokea asipoweka. Akishindwa kueleza, mwacheni kwanza, karatasi ingoje.