Mwana wa Mjakazi Avute Pumzi

Neno la Jumapili iliyopita lilitoka Kutoka 23:12, mstari mmoja tu, na wengi tuliuitikia amina haraka tukidhani tunaujua. Mimi ulinishika mahali, nami naandika kwa sababu hiyo.

Mstari huo unasema tufanye kazi siku sita na siku ya saba tuache, kisha unataja sababu. Angalieni ni nani anayetajwa: ng'ombe, punda, mwana wa mjakazi, na mgeni. Mwenye nyumba hatajwi kabisa kwenye sababu. Yeye anaambiwa aache kazi ili hawa wengine wapate kitu.

Wapate nini? Neno la Kiebrania lililotumika kwa mwana wa mjakazi linatokana na nefesh, ndugu yake neno letu nafsi, na maana yake ya chini kabisa ni kuvuta pumzi, kama mtu aliyetua mzigo mlangoni akasimama kwanza. Kiswahili kinatusaidia hapa, maana hata kupumzika kwetu kumetoka kwenye pumzi. Neno hilo limetumika mara tatu tu katika Agano la Kale lote. Moja ni hapa. Nyingine ni 2 Samweli 16:14, Daudi na watu wake wakiwa hoi baada ya kumkimbia Absalomu. Ya tatu ni Kutoka 31:17, na hapo anayevuta pumzi ni Mungu mwenyewe, baada ya kuumba mbingu na nchi. Kwa hiyo kile Mungu alichokipata siku ya saba ndicho anachotaka kijana aliyezaliwa na mtumwa akipate. Ni kitu kilekile.

Sasa niseme yangu. Nina kibanda cha chakula hapa Tononoka, na kwa miaka mingi nimekifunga Jumapili. Nilikuwa nikijisifu, si kwa mdomo lakini moyoni, hasa nikipita asubuhi na kuwaona wenzangu wamefungua. Nikifika nyumbani baada ya ibada ya pili nakuta mahamri na mbaazi za nazi, chakula cha mchana kiko motoni, sare za watoto zimefuliwa zimeanikwa. Siku moja msichana anayenisaidia kazi alikuwa amekaa kwenye ngazi, miguu imevimba. Nikamwambia, "Pole mwanangu, leo si Jumapili? Pumzika." Akanijibu kwa adabu tu, "Mama, Jumapili ndiyo siku yangu ngumu."

Ati nilikuwa naishika Sabato. Nilikuwa nimemkabidhi yeye siku yangu ya saba aifanyie kazi.

Kutoka 20:10 na Kumbukumbu la Torati 5:14 zote zinamtaja mtumwa na mjakazi, lakini ya Kumbukumbu inaongeza kwamba wapumzike sawasawa na wewe, halafu inawakumbusha Waisraeli kuwa walikuwa watumwa Misri. Rudini Kutoka 5 muone Misri ilikuwaje. Musa anaomba siku chache za ibada, Farao anasema watu ni wavivu, anawanyima majani na kudai idadi ileile ya matofali. Katika mstari wa 5 analalamika kwamba Musa anawapumzisha watu, na kitenzi anachotumia kina shina moja na Sabato. Yaani mtu wa kwanza kuitaja pumziko la Waisraeli alikuwa Farao, na aliitaja kama kosa.

Pwani yetu inaijua habari hii. Kwenye mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba katika karne ya 19, desturi ilikuwa mtumwa amtumikie bwana wake siku tano, na Alhamisi na Ijumaa ziwe zake. Ukisikia hivyo unaweza kusema walikuwa na nafuu, siku mbili nzima! Lakini siku hizo ndizo alizolima kikonde chake apate chakula, ili bwana asimlishe. Ilikuwa siku isiyo na kazi ya bwana, lakini pumzi haikuwemo. Kwenye ukanda huu wa pwani ya Kenya hali ya utumwa iliondolewa kisheria mwaka 1907, si zamani sana, na kule Kengeleni kengele ya Frere Town ingali inaning'inia kutukumbusha walioachwa huru.

Nimeitaja Alhamisi na Ijumaa hiyo kwa sababu jambo la kwanza lililonijia akilini lilikuwa kumpa yule msichana Jumapili na kumkata mshahara wa siku nne kwa mwezi. Hiyo ingekuwa Pemba tena. Sabato ya kwanza katika Biblia, Kutoka 16, ilikuja na chakula chake: siku ya sita mana ilikuwa pishi mbili kwa kila mtu badala ya moja. Mungu hakumwambia mtu mwenye njaa akae tu. Basi ndugu wa kibarua anayekula alichopata leo tusimhubirie kwamba hana imani kwa sababu alibeba mizigo Jumapili. Aulizwe yule aliyemwandika. Hata sheria ya nchi, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 27, inampa mwajiriwa angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na dada wa nyumbani ni mwajiriwa.

Kazi yenyewe iko Jumamosi. Musa alisema cha kupikwa kipikwe siku ya sita. Kwetu ina maana maharage yachemshwe, sare zipigwe pasi, na mitungi ijazwe kabla watu wa mikokoteni hawajamaliza maji. Jumapili ya kwanza nilisahau maji, nikampigia simu saa tatu asubuhi kumuuliza ndoo iko wapi. Ya pili alibaki nyumbani kwa kuwa hakuwa na pa kwenda, na mtu akibaki nyumbani utamtuma tu, "niletee kijiko," huku unasema amepumzika. Ya tatu wageni walitokea bila taarifa, nikamwona anaanza kusimama. Nikamwambia keti, nikapika mwenyewe na kilemba cha kanisani kichwani. Wageni walikula wali na maharage ya jana.

Mtaniuliza kuhusu ndugu zetu wa bandarini wenye shifti, na wauguzi. Ng'ombe akitumbukia shimoni anatolewa, Bwana Yesu alilisema hilo katika Luka 14:5, na mgonjwa ni zaidi ya ng'ombe. Hao wabadilishe siku, lakini siku iwepo, na ijulikane kabla wiki haijaanza. Mimi sioni haja ya kugombana na wenzetu wa Jumamosi. Warumi 14:5 imetosha.

Kuna jambo moja limenibakia, na nimelipeleka kwa wazee. Wamama wa jikoni hapa kanisani wanafika saa kumi na mbili asubuhi, wanaondoka wa mwisho na masufuria yameoshwa, na Jumatatu saa kumi na moja alfajiri baadhi yao wako Kongowea kununua mboga. Tumepanga zamu tatu kuanzia mwezi ujao. Majina ya wanaume bado hayajaandikwa kwenye karatasi iliyo mlangoni.