Anayetoka Katika Safu

(Hotuba niliyoitoa mbele ya wanafunzi wa sekondari, katika mkusanyiko wao wa asubuhi)

Bismillahi Rahmani Rahim. 

Nimeombwa niseme juu ya uaminifu pale ambapo hakuna anayekuona. Nitachukua mfano mmoja tu, nao mnaujua kwa sababu mnasali jamaa kila siku.

Kijana yuko safu ya tatu, sala ya Adhuhuri, rakaa ya pili. Udhu wake unatenguka. Hakuna aliyesikia, wala hakuna aliyenusa. Imamu anarukuu, na watu wote wanarukuu. Akiendelea hadi salamu, atapeana mikono na jirani yake na kuombewa sala yake ikubaliwe. Akitoka, safu nzima itamwona. Hapo mambo yamegeuka: anayefanya sawa ndiye anayetazamwa, na anayekosea ndiye aliyesitirika.

Sheria inamwambia atoke. Sala yake imekwisha batilika, na kuendelea kuinama na kuinuka huku anajua hana udhu ni dhambi nyingine juu yake. Hana haja ya kutoa salamu, wala asiogope kupita mbele ya maamuma wenzake, kwani sutra ya imamu ndiyo sutra ya walio nyuma yake. Akatawadhe, arudi, na kwa madhehebu ya Imamu Shafii, aianze sala yake upya.

Lakini Mtume (s.a.w.) alijua uzito wa macho ya watu. Katika hadithi ya Bi Aisha (r.a.) iliyomo katika Sunan ya Abu Daud, alielekeza kwamba aliyetengukwa na udhu ndani ya sala aishike pua yake, kisha aondoke. Kwa nini pua? Al-Khattabi, aliyeisherehesha Sunan hiyo, anaeleza kwamba ni ili watu wadhani ametokwa na damu ya pua. Anasema hii ni adabu ya kusitiri aibu, haihesabiwi kuwa uongo wala riya.

Wadogo zangu, hapa ndipo penye fundisho. Umeruhusiwa kuisitiri aibu yako. Hukuruhusiwa kuiacha faradhi ili aibu isitirike. Anayeshika pua na kutoka amepata yote mawili. Anayebaki amechagua watu kuliko Mola wake.

Kuna na upande wa pili. Yupo ambaye kila sala anahisi kitu tumboni, basi anatoka na kurudi mara tatu. Huyo naye Mtume (s.a.w.) alimfundisha: asitoke mpaka asikie sauti au apate harufu, yaani mpaka awe na yakini. Uaminifu husimama juu ya unachokijua. Wasiwasi si ucha Mungu.

Sasa tutoke msikitini twende kwenye duka la shule. Umetoa noti ya shilingi 10,000, umenunua maandazi ya 2,000. Mama muuzaji, katika msongamano wa mapumziko, amedhani umempa 20,000, akakurudishia 18,000. Haki yako ni 8,000. Zile 10,000 zilizozidi ni mali yake iliyoko mfukoni mwako. Ukiwa na yakini, rudisha. Ukiwa na shaka, usijiamulie mwenyewe: rudi umwombe mhesabu pamoja.

Tuseme zimepita wiki mbili, na unaona haya kwenda. Shika pua utoke! Zitie kwenye bahasha, mpe mtu unayemwamini azifikishe, bila kutaja jina lako. Wanavyuoni wanasema haki ya mtu lazima imfikie mwenyewe, lakini si lazima ujifedheheshe. Jambo moja halifai: kuzitia kwenye sanduku la sadaka ukajiona umemaliza. Mwenyewe yupo, unamjua, na dirisha lake unalipita kila siku. Kuzitoa sadaka kwa niaba yake ni kwa yule ambaye mwenye mali hajulikani au hapatikani tena.

Mtauliza, mtu atajijuaje kama ni mwaminifu? Atazame anachokiogopa kwanza udhu unapotenguka. Ikiwa swali lake la kwanza ni "Nani amesikia?", moyo unahitaji kutibiwa. Ikiwa ni "Sala yangu imekuwaje?", basi amshukuru Mwenyezi Mungu. Na dawa ni kutoka mara ya kwanza, kwani aliyebaki leo, kesho kubaki kutamwia chepesi zaidi.

Ewe Mola wetu, tujaalie siri zetu ziwe bora kuliko dhahiri zetu, na utusitiri duniani na akhera. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.