Wanangu, Kipimo Huandikwa Pamoja na Kosa Lake

Wanangu mnaosomea ufundi mitambo, zoezi hili lifanyeni watano watano. Kila kundi lichukue kipande kimoja cha shafti ya milimita 8, kalipa ya vernia inayosoma hadi 0.05 mm na maikromita inayosoma hadi 0.01 mm.

Anzeni na kalipa. Futeni taya zake, baneni shafti bila kukamia, kisha someni mkiwa mmeelekeza jicho wima juu ya mistari. Tuseme sifuri ya vernia imepita 7, na mstari wa 19 ndio uliolingana na wa skeli kuu. Mstari mmoja ni 0.05, kwa hiyo 19 ni 0.95, na jibu ni 7.95 mm. Mkitilia shaka mstari wa jirani, kosa lenu ni 0.05.

Sasa shikeni maikromita. Ifungeni tupu kwanza, mkizungusha kile kishikio cha mwisho mpaka kilie, maana ndicho kinachofanya kila mkono ukaze kwa nguvu ileile. Ikiwa haisomi sifuri bali 0.02, andikeni hiyo pembeni.

Kila mmoja apime mahali palepale pa shafti na afiche jibu lake. Mkisomeana kwa sauti, wa pili ataona alichokisikia. Hapa pana mtego. Skrubu husogea nusu milimita kwa kila mzunguko, kwa hiyo lazima mtazame kama mstari wa nusu umejitokeza baada ya 7. Ngoma ikionyesha 47, aliyeuona mstari huo ataandika 7.97, asiyeuona ataandika 7.47. Kalipa imeshawaambia 7.95, basi huyo wa pili arudie kusoma.

Fungueni majibu. Tuseme ni 7.96, 7.97, 7.97, 7.98 na 7.96. Wastani ni 7.968. Kati ya dogo na kubwa pana 0.02, na nusu yake, 0.01, ni makadirio mazuri ya kosa la kusoma.

Lakini ile 0.02 ya mwanzo imo ndani ya majibu yote matano. Hata mkipima mara mia haitapungua, kwa sababu imewasukuma nyote upande mmoja. Itoeni: 7.968 kutoa 0.02 ni 7.948. Andikeni 7.95 mm, kuzidi au kupungua 0.01.

Sasa someni mchoro. Ukidai shafti isipungue 7.95, msiandike kuwa imefaa, kwa kuwa kosa lenu linaruhusu iwe 7.94. Wala msiitupe, maana huenda ni 7.96. Andikeni kuwa haijathibitika, mkaitafutie kifaa chenye usahihi zaidi.