Mtoto wa Kulea na Haki ya Kuijua Asili Yake

Tumeulizwa na zaidi ya mmoja katika wanaohudhuria darasa letu: mtu akimlea mtoto asiyekuwa wake tangu utotoni, je, yampasa kumwambia? Na kama yampasa, amwambie lini na kwa maneno gani? Wengi wa wanaouliza wamekwisha kujijibu nafsini mwao kwamba kunyamaza ndiko huruma, nao wataka tu kusikia sheikh akiwakubalia. Hatuwezi kuwakubalia.

Asili ya jambo hili yajulikana. Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa amemfanya Zaid bin Haritha kuwa mwanawe kabla ya kupewa utume, na watu wa Makka wakamwita Zaid bin Muhammad. Ziliposhuka aya za mwanzo wa Suratul Ahzab, watu waliamrishwa wawaite watoto wa kulea kwa majina ya baba zao waliowazaa. Na wasiojulikana baba zao wawe ni ndugu katika dini na mawla. Zaid akarudi kuitwa bin Haritha. Lakini tazameni ni nini kilichopungua. Mapenzi hayakupungua hata chembe, kwani aliendelea kuwa kipenzi cha Mtume, akapewa uamiri wa jeshi, akafa shahidi Muuta mwaka wa 8 wa Hijra. Na katika masahaba wote ni yeye pekee aliyetajwa kwa jina lake ndani ya Qur'ani. Kilichoondoka ni jina lisilokuwa la kweli, basi.

Wako watu wanaosema, "Sisi twamsitiri mtoto." Neno sitara ni neno tukufu, lakini twaona limewekwa pasipo pake. Sitara ni kufunika dhambi ya mtu. Mtoto hana dhambi yoyote katika kuzaliwa kwake, hata kama wazazi wake walizini, hata kama aliokotwa jalalani. Basi kinachofunikwa ni nini? Mara nyingi ni unyonge wa walezi wenyewe, nao ni kuona haya kwa kutopata uzazi, au hofu ya kwamba mtoto akijua atawakimbia. Twawahurumia kwa hofu hiyo, lakini haifai kulipiwa na mtoto.

Tutasimulia kisa kimoja tulichokiona kwa macho yetu, bila ya kutaja mji wala mtu.

Mume na mkewe waliokuwa hawakujaaliwa watoto walipewa mtoto wa kike aliyeokotwa alfajiri katika baraza ya msikiti, amefungwa kanga, umri wake hauzidi siku tatu. Walipiga ripoti kwa polisi na kwa afisi ya watoto kama ilivyo sheria, wakaruhusiwa kumlea. Walimlea malezi mema, akasoma chuoni akahitimu, akasoma na skuli. Yule mume akaandikisha jina lake kuwa ndilo jina la baba. Mtaa mzima ulijua. Yeye peke yake hakujua. Alipotimia miaka ishirini akaposwa na kijana mwema, siku ya nikahi ikawekwa. Zikiwa zimesalia siku tatu, pakatokea ugomvi wa vyombo baina ya wanawake, na mmoja wao akatamka neno ambalo miaka ishirini lilikuwa likizungukwa.

Tuliitwa nyumbani usiku ule. Tulimkuta binti amekaa kitako, halii. Akatuuliza mambo matatu, na la kwanza halikuwa "mama yangu ni nani" kama tulivyotazamia. Aliuliza: "Sheikh, nani mwengine anayejua?" Hatukuweza kumdanganya. Tukamwambia, karibu wote. Hapo ndipo alipolia. Tukafahamu kwamba lililomchoma kuliko kuokotwa ni kuwa kila aliyemsalimu njiani alikuwa akijua habari zake, naye akienda baina yao kama kipofu.

La pili aliuliza: "Basi nani ataniozesha?" Hapa ndipo penye hatari ambayo walezi wengi hawaifikirii. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi nikahi haisihi ila kwa walii, na mlezi si walii kwa sababu ya kulea, ajapokuwa amelea miaka mia. Lau ugomvi ule usingetokea, yule mzee angemwozesha kwa mkono wake mwenyewe, na ndoa ingekuwa batili hali wote watatu wakidhani wamo katika halali. Kwa asiyekuwa na walii, hakimu ndiye walii wake. Tukaenda kwa Kadhi, akaelezwa, akamwozesha yeye.

La tatu: "Wakifa, mimi ni nani katika nyumba hii?" Tukamjibu kweli: humrithi, wala hakurithi. Lakini mzee anaweza kukuusia mpaka thuluthi ya mali yake, kwa kuwa wewe si katika warithi. Na anaweza kukupa hiba leo akiwa mzima, maadamu akukabidhi uishike, si maneno tu. Yule mzee aliandika wasia wiki ile ile. Twasema: kwa nini uliandikwa katika mwaka wa ishirini, usiandikwe katika mwaka wa kwanza? Kwa sababu kuandika wasia ni kukiri, naye alikuwa hajakiri.

Kuna jambo jengine katika kisa hiki lililotusikitisha. Mwaka ule alipoletwa mtoto, dada yake yule mume alikuwa ananyonyesha, tena akikaa nyumba ya pili. Lau angemnyonyesha mtoto mara tano za kushiba kabla hajatimia miaka miwili, yule mzee angekuwa mjomba wake wa kunyonya, na hijabu baina yao ingeondoka kwa sheria. Uwalii na mirathi visingepatikana kwa kunyonya, lakini maisha ya ndani ya nyumba yangekuwa mepesi. Kwa mtoto wa kiume hutazamwa upande wa mke: yeye mwenyewe, au mamake, au dada yake ndiye anyonyeshe. Anayepokea mtoto mchanga na aulize jambo hili siku ile ile, kwani miaka miwili hupita upesi.

Ama katika kuambiwa, sisi twaona kusiwe na siku ya kuambiwa. Mtoto anayekumbuka siku aliyoambiwa ni mtoto aliyechelewa kuambiwa. Neno lianze kabla hajalifahamu, mama anapomwogesha au kumlaza: "Siku tuliyokupata mvua ilikuwa ikinyesha." Huyo atakua nalo kama anavyokua na jina lake. Na faida ya kwanza ni ya mama mwenyewe, kwani ulimi wake huzoea kulitamka pasi na kutetemeka, na watoto husikia kutetemeka kuliko wanavyosikia maneno.

Akifika miaka minne au mitano atauliza kama alikuwa tumboni mwa mama. Ajibiwe: "Hukuwa tumboni mwangu. Ulikuwa tumboni mwa mama mwengine, kisha Mwenyezi Mungu akakuleta kwetu." Atafurahi, atakwenda kucheza. Hapo wazazi wengi hushukuru wakadhani kazi imekwisha, nayo haijaanza. Mtoto wa umri ule amesikia kwamba amepatikana. Hajafahamu kwamba ili apatikane ilibidi kwanza aachwe. Fahamu hiyo humjia yapata miaka saba au minane, umri ule ule anaoamrishwa kusali, na huja peke yake bila ya kuambiwa na mtu. Dalili zake si maswali siku zote. Pengine hunyamaza, au hujitazama sana katika kioo, au huuliza, "Mimi nafanana na nani?" Mwengine huwa mtiifu kupita kiasi, kama mgeni anayeogopa kurudishwa. Basi asemaye, "Hajauliza kitu, halimsumbui," ajue kwamba mtoto ameona uso wa mama ukibadilika mara moja, akaamua kutouliza tena. Mlezi ndiye afungue mlango: "Mwanangu, wamfikiri yule mama aliyekuzaa? Nami humfikiri."

Katika umri huo aambiwe jina lake la haki, na yote yanayojulikana: mahali alipookotwa, wakati, nani aliyemwona, kanga aliyofungwa nayo. Kanga hiyo iwekwe, isitupwe. Kwa wengine ndicho kitu pekee walichonacho cha mama yao. Yasiyojulikana yasizuliwe. Wako wanaosema "wazazi wako walikufa baharini" ili kulainisha mambo, na uwongo huo hudumu mpaka siku mtoto anapotaka kuliona kaburi au kuwajua ami zake. Aambiwe: "Hatujui kwa nini alikuacha. Twajua alikuweka msikitini, mahali ambapo watu huja alfajiri."

Kabla ya kubaleghe aelezwe habari ya hijabu, si siku ya kubaleghe. Msichana anayeambiwa ghafla ajifunike mbele ya anayemwita baba hufahamu kwamba amefukuzwa. Akielezwa miaka miwili mbele, pamoja na sababu yake, hufahamu kwamba ni sheria, na kwamba baba naye yampasa.

Baadaye, kuanzia miaka kumi na minne hivi, huja swali zito: "Je, mimi ni mwana wa haramu?" Jibu letu ni hili. Kwa aliyeokotwa, hakuna ajuaye, na si halali kwa mtu kumhukumia hivyo. Na kwa anayejulikana kuwa mamake alizini, nasaba yake ni kwa mamake, na dhambi ni ya waliotenda. Hakuna nafsi inayobeba mzigo wa nafsi nyengine. Amtazame Salim, mawla wa Abu Hudhaifa. Naye alikuwa mwana wa kulea, na zile aya zikamvua jina la kupanga kama zilivyomvua Zaid. Lakini alikuwa akiwasalisha Muhajirina kule Quba, na Mtume (s.a.w.) alimtaja katika wanne wa kuchukuliwa Qur'ani kwao. Waliosimama nyuma yake hawakungoja kwanza kujua babu yake.

Na akiuliza, "Basi mimi ni mtu wa wapi, kabila langu lipi?" asifichwe kwamba katika miji yetu ya pwani swali hilo lina ukali wake, kwani sisi tumezoea kuuliza ukoo kabla ya kuuliza dini, na hilo ni aibu yetu. Kumwita mlezi "baba" kwa heshima na mapenzi si kitu. Kilichokatazwa ni kujinasibisha naye kwa nasaba. Mtu anaweza kuwa wa nyumba asiyokuwa wa damu yake, na mawla ni jina la mahali hapo hasa. Hata sheria za serikali zimeanza kulifahamu jambo hili. Mapatano ya Haki za Watoto ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1989 yalitaja kafala, na Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 nayo imeitaja. Basi Mwislamu hana udhuru wa kusema kwamba hapana njia ya kulea ila kwa kubadilisha nasaba.

Yule binti aliolewa baada ya miezi minne, si baada ya siku tatu. Mwenyewe alitaka muda. Kadi za mwanzo zilichomwa. Alituuliza za pili ziandikwe vipi, tukamwambia jina lake na "binti Abdallah," kwani sote ni waja wa Mungu, na chini yake majina ya wazee wawili kuwa ndio waliomlea na ndio waalikao. Mzee alipoisoma alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama angeweza kuzigawa yeye mwenyewe, nyumba kwa nyumba, katika mtaa ule ule.