Kata ya Mbege na Kiapo cha Tano

Mama aliponiuliza kama nimebatizwa upya, nilicheka. Kwake lilikuwa swali la haki. Sisi ni watu wa Machame, Walutheri tangu wamisionari wa Laipzigi walipofika Nkwarungo mwaka 1893, na kwetu mtu akisema amejiunga na dini nyingine, swali la kwanza ni maji. Kisima au mto? Kichwa au mwili mzima?

Hakukuwa na maji. Ilikuwa Dar es Salaam, kwenye hekalu la Wabudha lililoko Upanga, lililoanzishwa na watu kutoka Ceylon, nchi ambayo leo ni Sri Lanka, enzi za Mwingereza. Nilienda mara ya kwanza kutafuta makala nikarudi kwa sababu zangu. Oktoba moja nikapiga magoti kwenye mkeka, mikono nimeikutanisha kifuani, nikawa namfuatisha mtawa maneno ya Kipali, kifungu kwa kifungu, kama mtoto wa kipaimara. Dakika kumi hivi, basi. Sikupewa jina jipya wala cheti.

Maneno ya kwanza ni ya kukimbilia. Budham saranam gachami. Dhamam saranam gachami. Sangham saranam gachami. Kisha yote yanarudiwa kwa mara ya pili, halafu ya tatu, na kila mzunguko unatajwa: dutiyampi, tatiyampi. "Sarana" ni kimbilio, neno ambalo msomaji wa Zaburi hahitaji kufafanuliwa. Kilichonishika mimi ni kitenzi, "gachami", yaani "naenda". Hakuna anayeniokoa hapo, wala siombi kupokelewa. Budha ni mwalimu aliyekufa zamani, Dhama ni njia aliyoifundisha, na Sangha ni wale walioipita njia hiyo hadi wakafika. Ninayetembea ni mimi. Mtu akisema maneno hayo kwa kuelewa, hiyo safari imeanza, na wanaojua mafundisho wanasema haikatiki kwa kosa la siku moja. Inakatika mtu akiiacha akaenda kwa mwalimu mwingine, au akifa.

Baada ya hapo ndipo zinakuja kanuni tano: kujiepusha na kuua kiumbe hai, na kuchukua kisichotolewa, na mwenendo mbaya katika mambo ya ngono, na uongo, na kileo. Wengi tunazisikia kama amri kwa sababu amri ndiyo umbo tulilolelewa nalo: usiue, usiibe. Ila sentensi yenyewe haina "usi" hata moja. Chukua ya kwanza: panatipata veramani sikhapadam samadiyami. "Veramani" ni kujiepusha. "Sikhapada" ni hatua ya mafunzo, kitu ambacho mwanafunzi anakanyagia. "Samadiyami" ni "najitwalia". Kwa Kiswahili changu: najitwalia zoezi la kujiepusha na kuua. Msemaji ni mimi na anayefungwa ni mimi. Mtawa anayatamka tu ili niyarudie, na siku hakuna mtawa naweza kuyatamka peke yangu, yakashika vilevile.

Hapo ndipo lilipo swali ambalo limenisumbua zaidi ya mwaka. Kama kiapo ni zoezi, na zoezi likiharibika linaanzwa upya kesho asubuhi, je, hicho ni kiapo kweli? Au ni njia ya kistaarabu ya kujiruhusu?

Desemba ile nilipanda nyumbani kama Mchaga yeyote. Baba alikuwa amefariki, na baada ya msiba yeye na kaka yake, baba yangu mkubwa, walikuwa wametuachia ugomvi wa mpaka wa kihamba: migomba kadhaa, mikahawa michache, na mstari wa masale uliohamishwa na mtu ambaye kila upande ulimjua kuwa ni wa upande wa pili. Miaka miwili hatukusalimiana. Jumamosi kabla ya Krismasi baba mkubwa akatuma jani la isale, limefungwa fundo. Kama wewe si wa mlimani nikwambie tu kwamba jani hilo ni ombi la msamaha, na kulikataa ni jambo zito kuliko kosa lenyewe. Tukaenda kwake.

Akatukaribisha kwa mbege. Alichota kwenye pipa, akaonja kwanza mwenyewe kama desturi inavyotaka, ili mgeni ajue ni salama, akanipa kata mimi, mtoto wa marehemu. Ukoo mzima ukanitazama.

Ile ya tano inasema surameraya maja pamadathana. Nilikuwa nimeisoma vizuri, vizuri mno. "Sura" ni pombe ya nafaka, "meraya" ni ile ya matunda, maua au asali. Mbege inapikwa kwa ndizi mbivu, inaongezwa ulezi uliooteshwa na gome la msesewe. Yaani ni sura na meraya katika kata moja! Mlango wa kusema "kinywaji chetu hakikutajwa" ulikuwa umefungwa. Ukabaki mlango wa "pamadathana", yaani "msingi wa uzembe", ule uzembe wa akili unaomfanya mtu asijue anachofanya. Kuna wanaodai kwamba kinachozuiwa ni kulewa tu, na kwamba funda moja halizembeshi mtu. Sarufi ukiivuta kwa nguvu inaweza kukupa hilo. Mapokeo ya watawa hayakupi: kinywaji chenyewe ndicho msingi wa uzembe, kwa hiyo unakiacha chote.

Nikafikiria kugusa midomo tu. Wafafanuzi wa zamani wanasema kanuni hii huvunjika mambo manne yakikutana: kitu kiwe kileo, mtu awe na nia ya kunywa, afanye tendo la kunywa, na kinywaji kipite kooni. Nikilowanisha mdomo nisimeze, ya tano imesalimika. Lakini ya nne, ya uongo, nayo ina manne yake: jambo lisiwe kweli, iwepo nia ya kudanganya, ufanyike ujanja wa kulifikisha, na mwenzako aelewe hivyo. Hakuna mahali wanaposema lazima utumie ulimi. Mkono unaoinua kata kwa kuigiza unadanganya sawasawa na mdomo. Ningemdanganya mzee katika saa ileile anayotafuta ukweli kati yetu, ili mimi nibaki msafi. Kwa mwandishi wa habari, anayeishi kwa kuaminiwa, hiyo ilinichefua zaidi ya pombe.

Nikanywa. Funda tatu, kubwa. Baba mkubwa akalia, mama akalia, mpaka ukarudi ulipokuwa.

Hadi leo naweza kuitetea kata ile mbele ya yeyote. Tatizo ni kwamba tulipotoka hapo tukapita kwa shangazi, naye akanipa kata. Hapo hapakuwa na isale. Hakuna aliyekuwa amenikosea wala niliyemkosea. Nikapokea na kunywa kwa sababu mkono ulikuwa umeshajua njia. Nyumba ya tatu sikumbuki vizuri niliongea nini, isipokuwa kwamba binamu mmoja alininunia hadi mwaka mpya kwa utani nilioutoa kuhusu mkewe.

Katika vitabu vya nidhamu ya watawa kuna kisa cha mtawa aliyeitwa Sagata. Alikuwa amemshinda nyoka wa ajabu, naga, kwa nguvu za kiroho, na sifa zake zikafika mji wa Kosambi. Wenyeji wakataka kumheshimu, wakaambiwa kwamba watawa hawapati pombe safi mara kwa mara. Kila nyumba ikaandaa. Sagata akapita nyumba hadi nyumba akipokea, akaanguka kwenye lango la mji. Wenzake wakambeba, wakamlaza kichwa kikielekea kwa Budha, naye akajigeuza akalala na miguu ikimwelekea mwalimu wake. Budha akawauliza watawa kama mtu huyu sasa angeweza kumshinda hata nyoka wa majini asiye na sumu. Kuanzia hapo watawa wakakatazwa pombe. Ninachokipenda katika kisa hiki, kama kupenda ndilo neno, ni kwamba hakuna mtu mbaya ndani yake. Hakuna baa. Kila kata ilitolewa kwa heshima. Ni Machame kabisa, Desemba.

Asubuhi nikaenda nyuma ya mgombani, kichwa kinagonga, nikapiga magoti kwenye majani makavu. Hapa mwanafunzi mpya anahitaji kujua jambo moja ambalo mimi nililijua kwa bahati. Kanuni tano zinaweza kuombwa kama fungu moja au kila moja peke yake. Katika nchi kama Thailandi ombi lenyewe huwa na maneno "visum visum", yaani "kimoja kimoja", na wafafanuzi wanasema anayezitwaa hivyo akivunja moja, nne zinabaki zimesimama, ilhali aliyezitwaa kama fungu, moja ikianguka zote zimeanguka. Upanga sikuwa nimesema kimoja kimoja. Kwa hiyo nilizirudia zote tano, nikianza na kimbilio, ingawa kimbilio halikuwa limevunjika. Ilichukua dakika nne. Hakuna aliyenisamehe kwa sababu hakuna wa kusamehe katika tendo hilo, na kwa binamu ilibidi niende kwa miguu yangu.

Na swali langu? Kama ningekuwa na amri, ningekuwa mkosaji wa kata ya kwanza, ningetafuta mwanasheria, na sheria ingenipa haki kwa sababu ya isale. Kwa kuwa lilikuwa zoezi, nililazimika kuangalia kilichofuata, na kilichofuata kilikuwa nyumba ya pili. Kutwaa upya hakukufuta kitu. Kulinionyesha tu mahali nilipojikwaa, na sikujikwaa nilipodhani.

Wiki moja baadaye, kabla sijashuka Moshi kupanda basi, nilimweleza baba mkubwa. Nilidhani atakasirika. "Ungesema tu," akaniambia. "Kaka wa bibi yako alikuwa mlokole. Alikuwa anapokea kata kwa mikono miwili, anashukuru, anampa mkewe anywe. Watu walishazoea." Nikakaa kimya. Nilikuwa nimepima Kipali neno kwa neno mbele ya ukoo mzima, na nikasahau kuuliza.

Desemba inakaribia tena. Mama amepiga simu kuuliza kama wanikorogee togwa, na nimekubali. Nimemwomba tu aniambie itakuwa imekorogwa siku gani, maana togwa ikilala sana nayo inachacha.